Ile sindano ya tetenasi ilikuwa chanjo

"Lakini daktari, si alichomwa tetenasi siku ileile?" Nimeulizwa tena wiki iliyopita, safari hii na kaka wa mkulima aliyejikata mguu kwa jembe siku tisa kabla. Karatasi ya zahanati ilikuwa mkononi: alichomwa, akashonwa, akarudi shambani. Sasa taya limekaza, mate hayamezeki, na nilipomgusa kooni kwa kijiti alikiuma badala ya kutaka kutapika.

Ile ilikuwa chanjo. Kwa mtu asiyewahi kuchanjwa, dozi ya kwanza haimpi kinga ya maana; ya pili hufuata wiki nne baadaye, na sumu ya wadudu wa tetenasi haina subira hiyo. Wanawake wengi wameshachanjwa kliniki za wajawazito, ndiyo maana wodini kwangu wanalala wanaume. Siku ile alihitaji na imunoglobulini, yaani kinga iliyokwisha kutengenezwa. Nayo hunasa sumu iliyo bado huru tu. Iliyokwisha kupanda na neva hadi uti wa mgongo haishikiki: inanyamazisha neva zinazotuliza misuli, na itachukua wiki kadhaa miunganiko mipya iote.

Watu hudhani ni kutu inayoleta tetenasi. Tafadhali. Mbegu za pepopunda zimo kwenye udongo na samadi, hata jembe linalong'aa linatosha. Kilichonikera ni zile nyuzi: kidonda kirefu, kichafu, kimefungwa kisipate hewa. Wadudu hawa wangeomba nini zaidi?

Nilikuwa na chupa mbili za imunoglobulini, kila moja yuniti 250. Nilimchoma zote mbili kabla ya kugusa kidonda, maana kukichokonoa kunaweza kumwaga sumu zaidi. Vitabu vya zamani vilidai 3,000 hadi 6,000. Siku hizi 500 zinakubalika, nami sikulalamika. Saa chache baadaye nikakata nyuzi. Ndani kulikuwa na kipande cha jani kilichooza. Tukaosha, tukaondoa nyama iliyokufa, tukaacha wazi. Metronidazoli ya kuua wadudu, halafu chanjo tena, kwa sababu kuugua pepopunda hakuachi kinga.

Niliporudi wodini, dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi, ati mwanga usimshtue. Nikalitoa blanketi. Kinachomshtua zaidi ni mlango kubamizwa na kugeuzwageuzwa ovyo, na gizani nesi hawezi kuona midomo ikibadilika rangi.

Mashine ya kupumulia hatuna. Tuna diazepamu na dripu ya magnesiamu za kulegeza misuli, na nesi anayegonga goti kila saa: lisiporuka, magnesiamu imezidi na dripu inasimama. Utafiti wa Vietnam wa 2006 ulionyesha magnesiamu inapunguza dawa nyingine zinazohitajika, lakini si haja ya mashine. Kwa hiyo usiku, kila nikiongeza diazepamu, sina hakika kama namwondolea mkazo au namnyang'anya pumzi.

Leo ni siku ya sita. Presha imeanza kupanda na kushuka bila sababu. Goti bado linaruka.