Idi leo huku, kesho kule

"Miji jirani kabisa, mmoja Idi leo mwingine kesho, si lazima mmoja umekosea hesabu?"

Hapana, hesabu zote ziko sawa. Mwezi wa kuandama una siku 29 au 30, kinachoamua ni jioni ya siku ya 29, hilali ikionekana kesho ni mosi, isipoonekana mnakamilisha 30. Sasa hilali changa ni uzi tu, mara nyingi inazama kama nusu saa hivi baada ya jua, kwa hiyo wingu moja au kilima upande wa magharibi kinatosha kuwanyima watu wa mji mmoja wakati majirani wameiona vizuri tu. Ila mara nyingi tofauti inatokana na nani anapokea habari ya nani, wengine wanakubali mwandamo wa popote, wengine wanataka wa kwao, hapo ndo zinapishana hata kama anga ni safi kote.