Pajingi si haluli ya uso

Juzi nilikuwa Kariakoo, kwenye duka la vipodozi, nasubiri chenji. Akaingia binti kope zimevimba, shingo imejaa vipele, mkononi ameshika chupa aliyoinunua hapohapo siku nne nyuma. Muuzaji hakunyanyua hata macho: "Vumilia mdogo wangu, hiyo pajingi. Uchafu unatoka."

Nimeshalisikia hilo mara nyingi mno, kwa hiyo niseme kwa kifupi. Pajingi ni chunusi kuongezeka kwa muda pale unapoanza dawa inayoharakisha ngozi kujibadilisha: adapalini, tretinoini, retinoli, asidi ya salisiliki au asidi ya glikoliki. Basi. (Na neno lenyewe halihusiani na paji la uso.)

Tatizo ni hilo neno "uchafu". Asili ya pajingi ni neno la Kilatini la kusafisha, na waganga wa Ulaya walilitumia kwa karne nyingi kwa dawa za kuharisha. Bibi zetu nao walikuwa na haluli: unakunywa, tumbo linasokota, unakimbia uani, kisha unaambiwa umesafishika. Picha hiyohiyo ndiyo tumeihamishia usoni. Ukiumia zaidi, ndiyo dawa inafanya kazi zaidi. Lakini ngozi haina uchafu wa kuharisha. Chunusi unayoiona leo ilianza wiki kadhaa nyuma kama kitundu cha kinyweleo kilichozibwa na mafuta na seli zilizokufa, kidogo kiasi kwamba kioo hakikionyeshi. Dawa inaharakisha safari hiyo tu, na chunusi ambazo zingekuja mojamoja kwa miezi miwili zinafika pamoja. Hakuna kipya kilichotengenezwa.

Ndiyo maana pajingi ina mipaka. Inatokea mahali unapoota chunusi siku zote, kwa sababu ndipo vitundu vilipoziba. Inakuja na chunusi zilezile unazozijua, nazo hupona haraka kuliko kawaida. Haiwashi, haivimbishi kope, haishuki shingoni. Wala haiwezi kuletwa na vitamini C, losheni au mafuta ya kujikinga na jua, kwa kuwa hivyo haviharakishi ngozi kujibadilisha. Ukitoka vipele kwa losheni, losheni imekukataa au imekuziba vitundu. Na kopo la mkorogo lisiloandikwa kilichomo ndani halina pajingi ya kusubiriwa hata siku moja.

Binamu yangu wa Sinza alinipa kazi ngumu zaidi, maana alikuwa na vyote viwili, pajingi na kipodozi kilichomkataa. Alianza jeli ya adapalini ya asilimia 0.1 na seramu ya vitamini C yenye manukato katika wiki ileile. Siku ya tano kidevu kikajaa vichunusi vyenye vichwa vyeupe, palepale zinapomtokea kila akikaribia siku zake. Wakati huohuo mashavu na kope zikaanza kuwasha, zikawa na vipele vidogo vinavyofanana vyote. Akaniuliza asubiri wiki ngapi.

Nikamwambia kidevu kinasubiri, kope hazisubiri. Kuwasha, kuvimba, malengelenge au kuungua kusikoisha ni kuacha siku hiyohiyo, na uso au midomo ikivimba ni kwenda hospitali. Kwa ngozi zetu nyeusi kuna gharama ya ziada: kila wiki ya muwasho inaweza kuacha madoa ya miezi. Akaacha vyote, akabaki na sabuni isiyo kali na losheni isiyo na manukato. Ngozi ilipotulia, akapaka seramu peke yake ndani ya mkono, mara mbili kwa siku. Siku ya tatu pakawasha. Mwenye kosa akajulikana.

Adapalini akairudia peke yake, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, kila baada ya usiku mbili. Kidevu kikachafuka tena wiki ya pili, wiki ya nne chunusi zikaanza kupungua, ya sita zikabaki mbili. Huo ndio muda wa kawaida: wiki nne hadi sita. Zikifika wiki nane bila dalili ya kupungua, acha umwone daktari wa ngozi, hata kama kila kitu kinafanana na pajingi. Usichanganye na muda wa kuona matokeo kamili ya adapalini, ambao ni kama wiki 12. Hizo ni za kungoja uso utakate, si za kuvumilia uso unaozidi kuharibika.

Kwa hiyo dada yangu wa Kariakoo, bila ugomvi: binti akirudi na chunusi za kidevuni, usimwambie uchafu unatoka. Mwambie zimewahi. Akirudi kope zimevimba, mrudishie hela yake.