Kugawanya kwa baki: pale uthibitisho unapoteleza

Ukigawanya 17 kwa 5 unapata 3, baki 2. Hilo linafundishwa shule ya msingi. Kauli kamili inasema hivi: kwa namba kamili a na b, b ikiwa kubwa kuliko sifuri, ipo jozi moja tu ya namba kamili q na r ambapo a = bq + r, na 0 ≤ r < b. Wengi huiamini, ila wakiithibitisha hujikwaa palepale.

Dhana potofu: Kila seti ya namba kamili ina namba iliyo ndogo kuliko zote.

Ukweli: Namba hasi hushuka bila mwisho: -1, -2, -3. Kanuni inayohakikisha kwamba namba iliyo ndogo kuliko zote ipo inadai masharti mawili: seti isiwe tupu, na isiwe na namba hasi hata moja. Ndiyo maana tunakusanya namba zote za umbo a - bk, k ikiwa namba kamili yoyote, kisha tunabakiza zile tu zisizo hasi.

Dhana potofu: Ni wazi kwamba seti hiyo si tupu.

Ukweli: Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Kama a si hasi, weka k = 0 nawe unayo a yenyewe. Lakini a ikiwa -17 na b ikiwa 5, k = 0 inakupa -17, ambayo haimo. Weka k = a, yaani -17, upate -17 + 85 = 68. Ujanja huu haushindwi: a - ba ni a(1 - b), na 1 - b ni hasi au sifuri, kwa hiyo ukiizidisha na a iliyo hasi hupati jibu hasi.

Sasa kanuni inafanya kazi yake. Katika mfano wetu seti ni 3, 8, 13, 18 na kuendelea, na ndogo kuliko zote ni 3, inayotokana na k = -4. Hiyo ndiyo r, na q ni -4. Kwa nini r haiwezi kufika b? Tuseme mtu anadai ndogo kuliko zote ni 8. Toa 5, unapata 3, ambayo nayo si hasi na ina umbo lilelile, k ikiwa imeongezeka kwa moja. Basi 8 haikuwa ndogo kuliko zote.

Dhana potofu: Kanuni hiyohiyo ndiyo inayothibitisha kwamba jozi ni moja tu.

Ukweli: Hapo haihitajiki. Zikiwapo jozi mbili, tofauti ya mabaki ni kigawe cha b, nayo ni ndogo kuliko b, kwa hiyo ni sifuri.

Dhana potofu: Baki la -17 kwa 5 ni -2, maana kompyuta imesema.

Ukweli: Inategemea lugha ya programu. Katika C, `-17 % 5` hutoa -2, katika Python hutoa 3. Kwa kauli yetu ya mwanzo, baki ni 3. Ukipata -2, ongeza 5 na upunguze jibu la kugawanya kwa moja, kutoka -3 hadi -4.