Kuumba upya kaulimbiu ya Kiingereza kwa Kiswahili: dhana potofu na ukweli wake

Chokoleti ya KitKat ilianza kutengenezwa mjini York, Uingereza, mwaka 1935 ikiwa na jina jingine, na jina la sasa ilipewa miaka miwili baadaye. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 imetangazwa kwa kaulimbiu moja: "Have a break, have a KitKat." Nimeichagua kaulimbiu hii kwa sababu kila neno lililomo linaeleweka hata kwa mtoto aliyeanza juzi kujifunza Kiingereza, na bado wafasiri wazoefu hukwama nayo siku nzima. Neno lake la tatu lina maana mbili zinazosikika kwa pamoja: kupumzika kidogo, na kuvunja kitu. Chokoleti yenyewe ni vijiti vilivyoshikana, viwili au vinne, ambavyo Waingereza huviita vidole, na mlaji huvivunja kimoja baada ya kingine. Neno moja basi linataja mapumziko na papo hapo linakumbusha kazi ya mkono. Matoleo ya Kiswahili ninayoyajadili hapa chini ni mazoezi yangu mwenyewe, wala si maneno ya kampuni.

Dhana potofu: Mfasiri mwaminifu ni yule aliyehamisha kila neno.

Ukweli: Aliyehamisha kila neno hupata "Kuwa na mapumziko, kuwa na KitKat", sentensi ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kumwambia mwenzake. Kwetu mtu hukaribishwa chakula kwa kuambiwa karibu, kula, onja au chukua. Haambiwi awe nacho. Anayelijua hilo atasogea hatua moja na kuandika "Pumzika, ule KitKat." Sarufi yake haina kasoro, lakini kilichobaki ni agizo lililo wazi, kama maelekezo ya daktari. Maana ya pili imepotea, na uchangamfu umepotea pamoja nayo.

Tena kuna jambo ambalo kamusi haimwonyeshi mfasiri. Kitenzi "pumzika" kinapokuja mwanzoni mwa sentensi kikiwa amri, masikio ya wengi huenda moja kwa moja kwenye "pumzika kwa amani", maneno ya matangazo ya vifo na ya fulana za msibani. Mtu akisema "mzee amepumzika", msikilizaji huuliza kwanza ni mapumziko gani. Neno la namna hiyo haliwezi kubeba utani wa chokoleti, hata kama katika kamusi ndilo linalolingana zaidi na lile la Kiingereza.

Ndiyo maana kabla ya kuandika chochote mimi huiweka sentensi ya Kiingereza pembeni na kuandika kwa maneno yangu kile inachomfanyia msikilizaji. Kaulimbiu hii inampa ruhusa ya kusimamisha shughuli bila kujiona mvivu, inaukumbusha mkono namna ya kuvunja, inalifanya jina la bidhaa lije kama jibu lililokuwa linasubiriwa, na inakwisha kwa pumzi moja. Hayo manne ndiyo matini ninayopaswa kuyatumikia. Hayawezi kuhama yote kwa uzito uleule, kwa hiyo naupanga umuhimu wake na mteja mapema, maana mteja asiyeulizwa mwanzoni huja kudai yote manne mwishoni.

Dhana potofu: Mchezo wa maneno hauhamishiki, basi kaulimbiu iachwe kwa Kiingereza.

Ukweli: Ni kweli kwamba mchezo uleule mara nyingi hauhamishiki, kwa kuwa unategemea sadfa: lugha moja imeyaweka mapumziko na uvunjaji katika neno moja, nyingine haikufanya hivyo. Hata hivyo kila lugha ina sadfa zake, na kazi ya mwandishi ni kuitafuta sadfa nyingine itakayoleta matokeo yaleyale. Wajapani wanatupa mfano mzuri kwa bidhaa hiihii. Masikioni mwao jina la KitKat linakaribiana na maneno "kitto katsu", yaani "hakika utashinda", na kwa sababu hiyo watu walianza kuwapa chokoleti hiyo wanafunzi wanaokwenda kufanya mitihani. Hapo hakuna mapumziko wala kuvunja. Kuna sauti ya jina iliyokutana na maneno ambayo watu tayari walikuwa nayo.

Nilipoijaribu kazi hii kwa Kiswahili nilianza na kitendo cha mkono. Kitu kikavu kinachotoa mlio, mathalani kijiti au muwa, huvunjwa. "Vunja" kwa hiyo ndicho kitenzi kilicho karibu zaidi, na kina ndugu wachangamfu: tunavunja mbavu kwa kucheka, tunavunja ukimya, na watu wa pwani huvunja jungu kabla ya Ramadhani. Kasoro yake ni kwamba hakigusi mapumziko. Mtu akisema "vunja kazi" ataeleweka kwamba anataka kazi iharibike.

Kitenzi cha pili kilikuwa "mega", ambacho kwa mkate au ugali ndicho chenyewe: kuchota kipande kwa vidole. Kina ukarimu ndani yake, kwa sababu anayemega mara nyingi anamgawia mwenzake. Lakini katika mazungumzo ya vijana wa mijini Tanzania "kumega" kumepata maana ya faragha, na tangazo lenye neno hilo lingechekwa kwa sababu ambayo mwenye bidhaa hakuikusudia. Mwandishi aliyelelewa na kamusi peke yake hawezi kuiona hatari hii. Ataigundua akimsomea kijana wa ishirini na kitu na kuuona uso wake ukibadilika kabla hajajibu.

Kikabaki "kata". Hakina mlio wa "vunja", na huo ni upungufu ninaoukubali. Lakini kina sauti mbili ambazo tayari zimo katika jina la bidhaa, k na t, na kwenye sauti hizo kulikuwa na neno lililonisubiri: "katikati". Mtu anayepumzika kidogo kisha akarudi kwenye shughuli yuko wapi kama si katikati ya kazi? Nikaandika: "Katikati ya kazi, kata KitKat."

Tuipime sentensi hii kwa yale manne. Ruhusa ya kusimama ipo, na imekuja kwa upole, maana haimwambii mtu aache kazi. Inachukulia kwamba kazi inaendelea na atairudia. Mkono upo katika "kata". Jina linakuja kama jibu, kwa kuwa sikio limekwisha kusikia "kati, kati, kata" na linangoja mgongano wa mwisho wa k na t. Pumzi ndiyo iliyorefuka: Kiingereza kinatumia silabi saba kwa jumla, na hapa "katikati ya kazi" peke yake ina saba. Nilijaribu kufupisha kwa kuandika "kati ya kazi", ila msemaji wa Kiswahili akisikia "kati ya" husubiri "na", kati ya hiki na kile, na kusubiri huko kunaivunja sentensi. Silabi mbili zinazozidi zinastahili kubaki.

Dhana potofu: Ukitaka kaulimbiu ichangamke, weka vina.

Ukweli: Ushauri huu unafaa Kiingereza zaidi ya Kiswahili. Maneno ya Kiingereza huishia kwa konsonanti na irabu za kila aina, hivyo mawili yanapolingana mwishoni sikio hushtuka. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu moja kati ya tano, na vitenzi vyenye asili ya Kibantu vikiwa amri huishia kwa a. "Nunua, tumia, furahia" zinalingana bila mwandishi kutoka jasho, na kwa sababu hiyo hiyo hazimvutii mtu. Washairi wetu wanalijua hili tangu zamani. Kina chao ni silabi nzima inayorudi mahali palepale ubeti mzima, nacho hufanya kazi kikishirikiana na mizani.

Kinachosikika zaidi katika msemo mfupi wa Kiswahili ni takriri ya sauti za ndani na mizani iliyogawanyika vizuri. "Haba na haba hujaza kibaba" inakaa kichwani kwa sababu ya "ba" inayosikika mara nne, wala si kwa mwisho wake peke yake. Hata methali inayowahusu watangazaji moja kwa moja, "chema chajiuza, kibaya chajitembeza", imesimama juu ya ch inayorudi na nusu mbili zinazokabiliana. Ngeli nazo zinatupa takriri ambayo Mwingereza hana, kwa sababu upatanisho wa kisarufi wenyewe hurudia sauti. Mwandishi wa matangazo anayeukimbia upatanisho huo kwa kuona unarefusha maneno anatupa chombo chake bora.

Dhana potofu: Mteja asiyejua Kiswahili ataamua vyema akirudishiwa tafsiri ya Kiingereza.

Ukweli: Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapofia. Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea mteja matoleo matatu ya kaulimbiu ya bidhaa nyingine, kila moja likiwa na tafsiri yake ya neno kwa neno. Akachagua lile lililokuwa baya kuliko yote, kwa sababu liliporudishwa kwenye Kiingereza ndilo lililofanana na kaulimbiu yake. Kosa lilikuwa langu. "Katikati ya kazi, kata KitKat" ikirudishwa kwa Kiingereza ni sentensi kavu kuhusu kukata chokoleti ofisini. Kila kilicho kizuri ndani yake kimebaki upande wa Kiswahili.

Siku hizi chini ya kila toleo naandika mambo matatu: maana ya neno kwa neno, maelezo ya kile kinachotokea masikioni, na kilichopotea. Kwa toleo hili ningeeleza kwamba sauti k inasikika mara sita katika maneno matano, kwamba "katikati" inalitabiri jina, na kwamba mlio wa kuvunja umedhoofika. Ningetaja pia kwamba nchini Tanzania "kata" ni ngazi ya utawala, kwa hiyo bangoni neno hilo lisianzishe mstari kwa herufi kubwa; mstari wenye "Kata KitKat" peke yake unaweza kusomwa kama jina la mahali. Malipo nayo hupangwa kwa saa au kwa kazi nzima, kwa kuwa maneno matano yaliyobaki mezani yametanguliwa na arobaini yaliyokataliwa.

Kisha naijaribu kwa watu wasio wa fani hii: naisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, bila kueleza, na kesho yake namtajia mtu nusu ya kwanza nione kama ataimalizia. Akiniuliza ilikuwa na maana gani, toleo limeshindwa. Akimalizia kwa "kula KitKat" badala ya "kata", maana imekaa lakini mkono haukukumbukwa, na redioni hilo lina dawa: baada ya "kata" msomaji hunyamaza nusu sekunde, kijiti cha chokoleti kikavunjwa mbele ya kipaza sauti, ndipo jina likatajwa.