Cheti "hakijaanza kutumika": wanavyodhani watu na jinsi mambo yalivyo

Alhamisi tarehe 4 Septemba 2025, kijana wa sekretaria moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, aliniletea ordinatere yake ya mezani. "Papa, imeingia virusi. Barua pepe inakataa, lakini tovuti ya wauza vipuri inafunguka vizuri." Firefox ilikuwa imeandika MOZILLA_PKIX_ERROR_NOT_YET_VALID_CERTIFICATE, yaani cheti hakijaanza kutumika. Mtu akisoma neno hilo refu anaogopa, na nusu ya mtaa ilikuwa imeshampa ushauri.

Wanasema: ni virusi, au tovuti imevamiwa.

Kila tovuti salama ina cheti kinachothibitisha kwamba ndiyo yenyewe, na ndani yake mna tarehe mbili: ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari kinalinganisha tarehe hizo na saa ya mashini yenyewe. Mashini ikiamini kwamba tuko siku iliyotangulia ile ya kuanza, basi kwake cheti hicho hakijazaliwa. Ikiwa saa imekimbia mbele, malalamiko yanageuka: cheti kimeisha. Chrome haitofautishi katika msimbo wake, huandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID kwa hali zote mbili, kwa hiyo soma na maelezo yaliyo juu yake.

Wanasema: kama saa ndiyo mbaya, tovuti zote zingekataa.

Hapa ndipo hata mafundi wanapotea. Kijana aliniambia kwamba kila kuran inapokatika, tarehe inarudi miaka mingi nyuma, naye huingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, na kuirekebisha. Asubuhi hiyo aliandika 04/09/2025, kama tunavyoandika sisi: siku kwanza, kisha mwezi. Lakini BIOS yake, kama nyingi nyingine, huanza na mwezi. Mashini ikaelewa tarehe 9 Aprili. Pembeni iliandika hata siku yenyewe, Wed, yaani Jumatano, na sisi tulikuwa Alhamisi. Hakuna aliyeangalia.

Sasa hesabu. Kutoka 9 Aprili hadi 4 Septemba ni siku 148. Vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, vilikuwa vya siku 90, na vile vya Google, yenye barua pepe yake, huishi kama wiki 12. Cheti chochote cha aina hiyo kilichokuwa hai siku ile kilitolewa Juni au baadaye, kwa hiyo machoni pa mashini iliyoko Aprili vyote ni vya kesho. Tovuti ya vipuri ilikuwa na cheti cha mwaka mzima kilichoanza Februari. Kikapita bila shida. Saa ikichelewa siku tano tu, zitakataa zile chache zilizobadilisha cheti ndani ya siku hizo tano, na utaapa kwamba kosa ni lao, maana jana zilifunguka.

Kubofya tarehe ya cheti ndani ya onyo kunamaliza ubishi. Au kwa anayependa amri za Linux:

```
date
openssl s_client -connect example.com:443 </dev/null | openssl x509 -noout -dates
```

Mstari wa notBefore, yaani tarehe ya kuanza, ukionyesha siku ya baadaye kuliko jibu la date, shika simu yako uone leo ni tarehe ngapi kweli.

Wanasema: ukiwa na intaneti, saa itajirekebisha yenyewe.

Si kila mara. Windows ya nyumbani, kwa mpangilio wake wa kawaida, haikubali kusahihisha saa iliyopotoka zaidi ya sekunde 54000, ambazo ni saa 15. Miezi mitano haiwezi kuigusa. Tuliweka mwaka, mwezi na siku kwa mkono, kisha tukaiacha imalizie dakika kwa mtandao.

Wanasema: ni kwa sababu imewekwa saa ya Kinshasa.

Vyeti huandikwa kwa UTC, saa moja ya dunia nzima. Lubumbashi, Goma na Bukavu ziko saa mbili mbele yake, Kinshasa moja. Kuchagua Kinshasa kunabadilisha saa unayoiona tu, UTC ya ndani inabaki palepale.

Wanasema: bonyeza tu "endelea".

Kwa tovuti kama za Google kitufe hicho hakitokei kabisa. Kwingine kinatokea, lakini mashini iliyoko Aprili itakubali pia cheti kilichoisha Julai, bila onyo lolote. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Kilichobaki ni chanzo. Nilifungua kasha, nikatoa betri ya mviringo, CR2032, nikaipima: volti 1.8, wakati mpya inatoa kama 3. Hiyo ndiyo inayoshika saa pale delestaji inapokata kila kitu. Tuliweka mpya, tukarekebisha tarehe, tukachomoa waya wa umeme usiku mzima. Asubuhi BIOS iliandika Fri 09/05/2025.