Sesheni ya BGP inayoanguka kila baada ya sekunde 90

Sesheni ya BGP inapopanda na kuanguka, kwanza natazama mdundo wake. Ikianguka ovyo, mara baada ya dakika mbili, mara baada ya saa nzima, nashuku waya au kifaa. Ikianguka kwa muda uleule kila mara, basi kuna kipima muda kinachofika mwisho, na logi itasema ni kipi.

Chukua kisa hiki. Ruta mbili za pembezoni, yetu ikiwa Dar es Salaam na ya jirani Mwanza, ziliunganishwa kwa laini ya Ethaneti iliyokodiwa kwa kampuni nyingine. Sesheni ilikuwa imetulia kwa miezi. Kisha jirani akaomba apewe jedwali zima la njia za intaneti, zaidi ya laki tisa, badala ya njia zetu chache. Tukalegeza kichujio cha njia zinazotoka, na hapohapo sesheni ikaanza kuanguka:

```
%BGP-3-NOTIFICATION: received from neighbor 192.0.2.2 4/0 (hold time expired) 0 bytes
```

Kila mtu alinyooshea kidole kichujio, na si bila sababu: tukirudisha cha zamani, sesheni inatulia. Lakini kichujio huacha tu njia isipite, hakikati sesheni. Kama jirani angezidiwa na idadi ya njia kupita kikomo cha `maximum-prefix`, tungeona 6/1. Sisi tuliona 4/0, yaani muda wa kusubiri umekwisha bila kusikia chochote.

Neno `received` nalo lina uzito. Ni Mwanza iliyotutumia taarifa hiyo, kwa hiyo Mwanza ndiyo iliyoacha kutusikia. Sisi tulikuwa tukiisikia vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye mwelekeo mmoja, kutoka Dar kwenda Mwanza.

Tukakagua vipima muda kwa `show ip bgp neighbors`. Kwetu muda wa kusubiri ulikuwa sekunde 180, kwao 90. Hilo si kosa: ruta huchukua ulio mdogo, na `KEEPALIVE` hutumwa kila theluthi yake, hapa sekunde 30. Mwenzangu alipendekeza tuongeze muda. Ungeongeza tu uhai wa sesheni ileile inayokufa.

Kwenye violesura, hesabu ya makosa ya CRC ilikuwa sifuri pande zote mbili. Hata yangekuwapo machache, TCP hutuma tena kilichopotea, na sesheni huvumilia. Ili jirani asisikie chochote kwa sekunde 90, lazima kuwe na kitu kisichopita hata kikitumwa mara ngapi. Hapo ndipo nilipouliza ukubwa wa paketi.

`KEEPALIVE` ina baiti 19 tu. `UPDATE` inaweza kufika baiti 4096, na TCP huikata vipande vya hadi baiti 1460 kwenye kiolesura cha MTU 1500. Njia zetu chache zilikuwa zikitoshea kwenye paketi ndogo. Jedwali zima likajaza paketi hadi ukomo. Sasa, TCP hukabidhi data kwa mpangilio. Kipande kikubwa kikikwama, `KEEPALIVE` zote zilizo nyuma yake husubiri, hata zikiwa zimefika kwenye ruta ya jirani. BGP ya jirani haizioni, na muda unakwisha. Dalili yake ni `OutQ` isiyopungua kwenye `show ip bgp summary` na hesabu ya kutuma tena inayopanda.

Uthibitisho ni amri moja, ukizuia paketi isigawanywe:

```
ping 192.0.2.2 size 1474 df-bit
ping 192.0.2.2 size 1475 df-bit
```

Ya kwanza ilipita yote, ya pili haikupita hata moja. Ukiangalia 1474, ni 1500 ukitoa 26: baiti 14 za kichwa cha Ethaneti, 8 za lebo mbili za MPLS na 4 za neno la udhibiti. Yaani kampuni ya laini ilikuwa ikibeba fremu zetu ndani ya MPLS, kwenye mtandao wa MTU 1500, bila kuacha nafasi ya nyongeza hizo. Fremu zilizozidi zilitupwa katikati ya laini kimyakimya, ndiyo maana violesura vyetu havikuhesabu kosa lolote.

Wakati tukisubiri kampuni ipandishe MTU, tuliweka hivi pande zote mbili:

```
interface GigabitEthernet0/1
 ip mtu 1474
```

Sikupenda kupunguza ukubwa wa vipande vya TCP ya BGP peke yake. Sesheni ingepona, lakini paketi kubwa za wateja zingeendelea kupotea kwenye laini ileile. Kwa `ip mtu`, ruta huzigawanya, au humjulisha mtumaji apunguze ukubwa. Kisha tukaiwasha sesheni upya, kwa sababu ukubwa wa vipande hukubaliwa TCP inapofunguka. Jedwali zima likapita, na `OutQ` ikashuka hadi sifuri.