Bando la usiku

“Nimelala bila kugusa simu, asubuhi GB 1 imeisha. Mtandao wanaiba bando!”

Data ikibaki wazi, simu hailali. Play Store ikiruhusiwa husasisha programu, na picha hupandishwa mtandaoni. Kwenye mipangilio ya Android, fungua matumizi ya data, weka mwanzo wa hesabu uwe siku uliyonunua bando, kisha gusa programu moja moja. Tuseme jumla ni MB 990, na Play Store peke yake MB 640, karibu zote mstari wa Background, yaani zilizotumika bila wewe kuifungua. Mlaji huyo, ingia mipangilio ya Play Store yenyewe, kwenye kusasisha programu mwekee Over Wi-Fi only.

Simu ikionyesha MB 300 tu, angalia kwanza kama muda wa bando uliisha. Kama bado, una hoja: wapigie huduma kwa wateja.